Usinunue mega kutazama kazi yako mwenyewe

Kuna kazi moja ndogo inayokula mega za vijana wa Bujumbura wanaojifunza kutengeneza kurasa za mtandao, na wengi wao hawajui kwamba wanailipia bure. Kijana anabadilisha rangi ya kichwa cha habari, anahifadhi faili, anaipandisha kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya, kisha anafungua anwani ya tovuti ili aone kama rangi imekaa sawa. Haikukaa. Anarudia. Kivinjari kinamwonyesha ukurasa wa zamani, anabonyeza Ctrl+F5, na kila kitu kinashuka upya, picha na yote.

Tupige hesabu yake. Tuseme ukurasa una picha za vitenge zenye jumla ya megabaiti 3. Akibonyeza Ctrl+F5 mara 60 kwa siku, na siku ya kazi ya kweli hufika huko bila shida, amekwisha teketeza megabaiti 180. Burundi haina pwani. Nyaya za baharini zinatua Dar es Salaam na Mombasa, na kila moja ya picha hizo inavuka nchi jirani na bahari ili kumwonyesha mtu faili ambayo tayari iko kwenye meza yake.

Sisi tunasema hivi: mtu asiruhusiwe kununua mega kwa ajili ya kutazama kazi iliyo kwenye mashine yake. Njia ipo, ni ya bure, na haihitaji mtandao ikishawekwa. Ni kuendesha seva ndogo ndani ya kompyuta yenyewe, inayochunga folda ya kazi na kuuamsha ukurasa kila faili inapohifadhiwa. Wanaotumia VS Code wanaijua kwa jina la Live Server, kiongezo cha Ritwick Dey, ambacho hufungua ukurasa kwenye mlango wa 5500. Sisi leo tunachukua Browsersync, kwa sababu moja: inaileta simu kwenye kazi, na wateja wa mji huu wanatazama kwa simu.

Chukua mfano wa ukurasa wa bei wa muuza vitenge wa Buyenzi. Folda ina `index.html`, `style.css` na picha. Node ikishawekwa kwenye mashine, Browsersync huwekwa mara moja tu, na hapo ndipo mtandao unapohitajika:

```
npm install -g browser-sync
```

Baada ya hapo, ukiwa ndani ya folda ya kazi, unaandika:

```
browser-sync start --server --files "*.html, *.css"
```

Kivinjari kinafunguka chenyewe kwenye `http://localhost:3000`. Sasa badilisha rangi ndani ya `style.css`, bonyeza Ctrl+S, usiguse kitu kingine. Rangi inabadilika mbele ya macho.

Hakuna uchawi. Programu inaambiwa na mfumo wa kompyuta kwamba faili fulani imeguswa. Kwa kuwa ndiyo iliyoupeleka ukurasa kwenye kivinjari, ilikwisha kuuchomekea mstari mmoja wa skripti kabla ya kuupeleka. Skripti hiyo inaacha laini wazi kati ya kivinjari na seva, kama simu isiyokatwa, na seva inapita humo kusema: faili imebadilika. Ikiwa iliyoguswa ni ya CSS, mtindo mpya unaingizwa bila ukurasa kupakiwa upya. Hilo si dogo. Kama ulikuwa umejaza nusu ya fomu ya kuagiza kitenge ili ujaribu muonekano wa kitufe, uliyoyaandika yanabaki. Ikiwa ni ya HTML, ukurasa mzima unapakiwa upya, na fomu huenda ikafutika.

Mstari ule uliochomekwa haumo kwenye faili yako kwenye diski. Uko tu katika nakala iliyopelekwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo usihangaike kuufuta kabla ya kupandisha kazi. Lakini jihadhari na wanaomtumia mteja ukurasa kwa kuuhifadhi kutoka kwenye kivinjari: hao wanauchukua pamoja na mstari huo, na ukurasa unafika kwa mteja ukitafuta seva ambayo haipo. Mtume faili kutoka kwenye folda.

Sasa simu. Dirisha lile la amri linapoanza kazi huandika anwani kadhaa, zikiwemo moja mbele ya neno `Local` na nyingine mbele ya neno `External`. Hiyo ya `External` ndiyo ya simu. Huna Wi-Fi nyumbani? Washa hotispoti ya simu, unganisha kompyuta nayo, kisha ndipo uanzishe Browsersync. Halafu zima data ya simu kabisa. Andika anwani ya `External` kwenye kivinjari cha simu hiyo hiyo, pamoja na `:3000` mwishoni. Ukurasa unafunguka, maana simu na kompyuta zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Salio la mega haliguswi. Ukihifadhi faili, skrini zote mbili zinabadilika pamoja. Ukishusha ukurasa kwa kidole kwenye simu, na wa kwenye kompyuta unashuka. Mara ya kwanza mtu hudhani mashine imepagawa, lakini ndivyo ilivyotengenezwa.

Hapa ndipo wengi hukwama: kompyuta inaonyesha ukurasa vizuri, simu inazunguka tu bila kufungua. Mara nyingi ni ukuta wa moto wa Windows. Node ilipoanza mara ya kwanza, Windows iliuliza kama iruhusiwe kupokea wageni kutoka kwenye mtandao, na mwenye mashine akafunga lile dirisha bila kusoma. Rudi kwenye mipangilio ya ukuta huo uiruhusu Node kwa aina ya mtandao unaotumia. Na ukimaliza kazi, simamisha seva kwa Ctrl+C, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa, kwa sababu yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo na akaijua anwani anaweza kuufungua ukurasa wako.

Kuna lalamiko lingine tunalolisikia kuliko yote: "Nimehifadhi lakini hakuna kinachobadilika." Kabla ya kulaumu programu, tazama upau wa anwani. Ukiona inaanza na `file:///`, basi uliufungua ukurasa kwa kuibofya faili mara mbili. Seva haijui habari zako, na hakuna mstari uliochomekwa. Ukiona `localhost:3000`, bonyeza Ctrl+U utazame msimbo wa ukurasa, utafute `__bs_script__`. Kama mstari huo haupo, karibu kila mara sababu ni kwamba faili yako haina lebo ya `<body>`. Kivinjari ni mpole. Kitakuonyesha `<h1>` peke yake bila kinyongo, lakini Browsersync hutafuta `<body>` ili ijue pa kuchomeka, na isipoiona hunyamaza. Kama mstari upo na bado ukurasa haubadiliki, huenda unahariri nakala nyingine. Folda ya `duka` na folda ya `duka-mpya` zimewapotezea watu jioni nzima. Andika neno lolote la ajabu katikati ya ukurasa, hifadhi, uone kama linatokea.

Kosa jingine linatoka kwenye ukurasa wenyewe. Mafunzo mengi humwelekeza mwanafunzi aite Bootstrap na herufi za Google kutoka mtandaoni kwa mstari mmoja. Seva yako ni ya ndani, lakini mstari huo bado unatoka nje. Umeme ukikatika na ruta ikazima, ukurasa unabaki uchi. Mtandao ukiwa wa kusuasua, ukurasa unasubiri mweupe kila unapopakiwa upya, na unadhani seva ndiyo nzito. Mbaya zaidi ni anayeacha zana za msanidi wazi na alama imewekwa kwenye `Disable cache`: faili ile ile inashushwa upya kila ukurasa unapopakiwa. Shusha `bootstrap.min.css` mara moja, iweke ndani ya folda, iite kutoka hapo.

Lakini tusimdanganye mtu. Kuona kazi yako kwenye mashine yako si kuona anachokiona mteja. Zile picha za megabaiti 3 zinafunguka papo hapo kwenye `localhost` kwa sababu haziendi popote. Mteja wa Kamenge atazisubiri. Kabla ya kupandisha kazi, fungua sehemu ya `Network` katika zana za msanidi wa Chrome, uchague mtandao wa polepole, upakie ukurasa na ukae usubiri kama atakavyosubiri yeye. Picha hizo utazipunguza mwenyewe bila kushauriwa.

Pia majina ya faili. Windows haitofautishi `Kitenge.JPG` na `kitenge.jpg`. Kwayo ni faili moja. Seva nyingi za kukodi zinaendeshwa na Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Ndiyo maana picha huonekana wiki nzima mezani, halafu siku ya kumkabidhi mteja hubaki kisanduku kitupu. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu mwanzo, bila nafasi katikati.

Na kama unafanya kazi ya PHP, amri ile haitakufaa, kwa kuwa Browsersync haiendeshi PHP. Anzisha seva ya PHP yenyewe, kwa mfano kwenye mlango wa 8000, kisha uiweke Browsersync mbele yake:

```
browser-sync start --proxy "localhost:8000" --files "*.php, *.css"
```

Tunawaomba walimu wa vyuo na wa vyumba vidogo vya mafunzo, kuanzia Rohero hadi Buyenzi, walete jambo hili siku ya kwanza, kabla ya somo la kukodi seva na kabla ya mtu kununua jina la `.bi`. Programu ya Node na Browsersync mwalimu anaweza kuzishusha mara moja na kuzigawa kwa fleshi. Jaribio la siku hiyo liwe moja: data ya simu imezimwa, mwanafunzi anabonyeza Ctrl+S kwenye kompyuta, na bei ya kitenge inabadilika kwenye simu iliyo mkononi mwa jirani yake.