Limao halitoi zebaki mwilini: kwa wanaokunywa maji ya limao kila asubuhi, Kahama mpaka Katoro

POSTI YA 1

Ndugu zangu, wiki hii nimetumiwa ile klipu mara tisa. Mnaijua. Maji ya vuguvugu, limao zima limekamuliwa, unakunywa kabla hujatia kitu mdomoni, na sauti inakwambia linasafisha ini, linaondoa gesi, linatibu vidonda vya tumbo na linatoa sumu zote mwilini. Kwenye magrupu ya wasapu ya huku kwetu wameiongezea mkia: eti wachimbaji na wachenjuaji walitumie kutoa zebaki.

Huo mkia ndo umenifanya niandike. Klipu ingeishia kwenye gesi ningenyamaza, maana mtu akipenda limao ni lake. Ila mtu anayechoma zebaki akiambiwa ana dawa ya kuitoa, ataendelea kuichoma.

Nitaanza na tumbo na meno, halafu nifike kwenye zebaki. Someni zote kabla ya kuja kunitukana kwenye komenti.

POSTI YA 2

Hoja wanayoipenda kuliko zote: "Limao ni chachu mdomoni, lakini likifika tumboni linageuka alikali." Hapana jamani. Tumbo lenyewe ni asidi kali, pH yake tumbo likiwa tupu ni kama 1.5 mpaka 3.5. Limao ni kama 2. Umemwaga asidi ndani ya asidi. Damu nayo haipangiwi na limao. Mapafu na figo zinaishikilia kati ya 7.35 na 7.45, na ukitoka hapo kwa kiasi kidogo tu unakuwa mgonjwa wa kulazwa.

Na huko "kusafisha", mwenye kazi yupo tayari. Figo zinachuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku na kurudisha karibu yote, kinachobaki ndo mkojo. Ini linabadilisha dawa, pombe na taka nyingine ziweze kutoka. Limao haliwaongezei nguvu hao wawili. Ukiona unakojoa sana asubuhi na choo kimelainika, ni yale maji. Mtu aliyeshinda duarani anatoka jasho halafu anakunywa soda moja, lazima choo kigome. Mpe maji matupu nusu lita asubuhi, utaona kazi ileile.

Nisiwe mchoyo lakini. Limao lina vitamini C, na ukilikamua kwenye mlenda, maharage au dagaa linasaidia mwili kunyonya madini chuma. Wenye aina fulani za mawe ya figo huwa tunawaambia wanywe maji mengi, na sitrati ya limao inaweza kusaidia mawe mapya yasijengeke. Hayo ni ya kweli. Ila kama unachotaka ni vitamini C, pera moja linalishinda limao kwa mbali, na halichomi kama limao.

POSTI YA 3

Kiungulia. Huku kwetu kila anayechomwa kifuani anasema "nina vidonda", halafu anakunywa limao kuvitibu.

Chini ya umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, asidi inapanda. Tumbo limejengewa utando wa kuhimili asidi, umio haujajengewa. Ukishakuwa na mchubuko pale, limao linapita juu ya kidonda kibichi. Ndo maana wengi wanasema "linachoma mwanzoni, maana yake linafanya kazi". Linachoma kwa sababu pamechubuka.

Wengine hawapati shida yoyote, ni kweli, miili inatofautiana. Kipimo ni rahisi: acha limao wiki mbili, usibadilishe kingine chochote. Kifua kikitulia, umepata jibu bila kulipia. Kisipotulia, tafuta sababu nyingine, na kwa watu wa machimboni naulizaga kwanza diklofenaki. Mtu anabeba viroba vya mawe, mgongo unauma, anameza diklofenaki ya dukani asubuhi na jioni miezi mitatu. Hiyo inatoboa tumbo kweli, halafu juu yake analimwagia limao.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama kooni au ukipungua uzito bila sababu, njoo hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au taya huku jasho la baridi linakutoka, hicho usikiite kiungulia.

POSTI YA 4

Meno. Waswahili tunajua siku zote kwamba kitu kichachu kinatia meno ganzi. Tulikuwa na jibu kwenye lugha yetu kabla ya klipu.

Ganda gumu la nje la jino, enameli, linaanza kuyeyuka mdomo ukishuka chini ya pH kama 5.5. Limao liko mbali sana chini ya hapo. "Lakini nachanganya na maji!" Asidi ya limao ni ya aina ambayo ukiiongezea maji hata mara kumi, ukali unapanda nusu hatua hivi. Nusu limao kwenye glasi kubwa bado inacheza karibu na 3. Tena asidi hiyo, mbali na kuyeyusha, inashika kalisi ya jino na kuondoka nayo. Na enameli haioti tena, siyo kama kucha.

Asubuhi ndo saa mbaya zaidi. Usiku mate yanapungua sana, na mate ndo mlinzi wa jino, yanapunguza asidi na kurudisha madini. Unaamka mdomo mkavu, unaupa limao, halafu dakika mbili baadaye unachukua mswaki, wengine na mkaa juu yake, unasugua ganda lililolainika. Ukishakunywa kitu kichachu, suuza na maji matupu, subiri nusu saa mpaka saa nzima, ndo upige mswaki.

Utajuaje limeanza kuliwa? Maji baridi yanakupiga. Meno ya mbele yanang'aa kama yamepakwa mafuta, ncha zake zinaonyesha mwanga, halafu yanageuka manjano kwa sababu ile ya ndani imeanza kuonekana. Magego yanapata vishimo kama vikombe. Kinywaji mara nyingi kinakula upande wa mbele, asidi ya kiungulia inakula upande wa ndani wa meno ya juu. Anayekunywa limao na ana kiungulia analiwa pande zote mbili.

Na nyie wenye madoa ya kahawia, najua wapo mnaosugua limao mpate meupe. Maeneo mengi ya Shinyanga na mikoa jirani visima vina floraidi nyingi, na doa lile liliingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, utotoni. Halijakaa juu kama chai. Unachosugua ni ganda, na kwa wenye madoa makali ganda lenyewe lina vitundu tayari. Mwone daktari wa kinywa, zipo njia.

POSTI YA 5

Sasa zebaki. Nitawapa mfano wa mama mmoja, mambo mengine nimebadilisha asitambulike.

Anachenjua kwenye karasha upande wa Geita. Anakamata dhahabu kwa zebaki, ananunua na ya wenzake, jioni anachoma kwenye kikaango kwenye jiko la mkaa, nyumbani, watoto wapo. Alikuja kwa ajili ya meno na kiungulia. Miezi minane anatembea na chupa ya lita moja yenye malimao mawili, anafyonza kidogokidogo mpaka saa sita. Hiyo ya kufyonza ni mbaya kuliko kunywa mara moja, kwa sababu kila funda linaanza upya kuyeyusha jino.

Nikamuuliza kwa nini analivumilia. Akasema: "Nesi, linatoa sumu, naiona inatoka." Inatokaje? Mate yanamjaa mdomoni, na anasikia ladha ya shaba.

Nikamwambia anyooshe mikono. Inatetemeka. Andika jina lako: herufi zimevunjikavunjika. Usingizi hana, anagombana na kila mtu, fizi zimevimba na zinatoka damu. Mate mengi, ladha ya chuma, fizi, kutetemeka na hasira: hizo ni dalili za zebaki kuingia, zinajulikana kwa miaka mingi. Yeye alikuwa anazisoma kama ushahidi wa kutoka. Limao lilimpa sababu ya kuridhika na ugonjwa wake.

Mvuke wa zebaki hauna harufu. Ukiuvuta, takribani asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo na figo. Tumboni lilipo limao zebaki ile hata haikupita. Mwili unaitoa wenyewe polepole kwa mkojo na choo, nusu yake inachukua kama miezi miwili. Kwa hiyo piga hesabu: anayechoma kila wiki anajaza haraka kuliko inavyotoka. Maziwa nayo ni hivyohivyo, najua mtaniuliza.

Hii siyo habari mpya kwetu. Rwamgasa walikuja wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapima mkojo, damu na nywele za wachimbaji, na waliokuwa wanachoma ndo walikutwa na hali mbaya.

POSTI YA 6

Tulifanya nini? Kwanza aache kuchoma, hakuna dawa inayoshinda hiyo. Daktari akaandika kipimo cha mkojo, sampuli inakwenda maabara kubwa, na figo zikaangaliwa. Zipo dawa za kukamata metali, zinatolewa hospitali kwa uangalizi, hazikamuliwi kutoka kwenye tunda. Na watoto tukaomba waletwe, maana jiko ni lao pia.

Kwa anayeendelea na kazi, na najua mtaendelea, tumia ritoti. Ni chungu cha chuma kinachofungwa, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapozwa kwa maji, zebaki inarudi kuwa maji na unaitumia tena. Choma nje, mbali na nyumba, upepo ukitokea nyuma yako. Mdomo wa bomba usizame ndani ya maji, maana chungu kikipoa kinaweza kuyavuta ndani na kulipuka. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Nguo za kazini zisilale chumbani. Mjamzito asikae karibu kabisa, zebaki inavuka kwenda kwa mtoto.

Mama yule alirudi baada ya wiki sita. Kiungulia kimepungua sana. Mikono bado inatetemeka kidogo. Meno ya mbele hayatarudi yalivyokuwa, daktari wa kinywa atayaziba na kumpa dawa ya floraidi. Ile chupa sasa anabeba maji matupu.

Walioniuliza inboksi kuhusu tangawizi, kitunguu saumu na siki ya tufaa: kwenye zebaki jibu ni lilelile, na siki kwenye meno ni ndugu yake limao. Aliyeuliza kuhusu vumbi la karasha na kifua kikuu, hiyo nitaiandika Jumamosi nikitoka zamu ya usiku.