Jaribu kidogo kwanza: kipimo cha biashara mpya wakati franka ni chache

Juma hili tunaongea juu ya swali moja. Mtu ana wazo la biashara ambalo bado hakuna aliyelijaribu katika mtaa wake, na ana franka kidogo. Aanze na sehemu gani ya wazo hilo, na sehemu gani aiache kwanza?

Tuchukue mfano. Tuseme mabinti watatu wa Bukavu wana franka 400.000 walizoweka pamoja. Wazo lao ni hili: mama anayefanya kazi mbali na nyumba, muuguzi ao mwalimu, atume komande mangaribi kwa simu, na kesho yake asubui vitu vya soko la Kadutu vifike mlangoni kwake. Wanataka programu ya simu yenye picha za vitu na bei zake, wanataka friza ya samaki, mifuko yenye jina lao, na motari wao wenyewe. Fundi wa programu peke yake anawaomba franka 1.500.000. Wakisubiri kupata pesa hiyo, mwaka utapita. Wakikopa, watakuwa na deni kabla ya kujua kama kuna mama hata mmoja anayehitaji kazi yao.

Watu wanaofundisha biashara changa wana jina kwa njia ya katikati. Mwamerika Eric Ries aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 2011. Kwa lugha yetu tunaweza kuiita bidhaa ndogo inayotosha. Wengi wanakosea hapa, wanafikiri ni kutengeneza kila kitu kwa hali ya chini: programu mbovu, friza ya zamani, mifuko inayopasuka. Sivyo. Ni kuchagua kitu kidogo kabisa ambacho mteja wa kweli anaweza kukilipia, na ambacho kinajibu swali moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta swali. Mabinti wetu waandike katika kaye mambo yote ambayo lazima yawe kweli ili biashara isimame. Mama awe na simu. Bei za soko zijulikane. Vitu vifike bila kuharibika. Mama akubali mtu mwingine amchagulie nyanya. Mama akubali kulipa zaidi juu ya kuletewa. Kisha kwa kila mstari wajiulize: kama hili ni uongo, je, biashara inakufa? Na je, tayari tunajua jibu? Simu, wamama wanazo, tunaona kila siku. Bei za soko, mtu anaenda kuuliza. Lakini mama anayepita sokoni yeye mwenyewe, anayejua kubonyeza nyanya na kupunguzisha bei, je, atamlipa mwingine afanye hivyo? Hapo hakuna anayejua. Hilo ndilo swali. Na mnaona wenyewe kwamba programu ya simu hailijibu hata kidogo.

Kuna mfano wa kweli unaofanana sana na huu. Katika mji wa Austin, jimbo la Texas, kulikuwa na biashara changa iliyoitwa Food on the Table. Wazo lake lilikuwa kusaidia familia kupanga chakula cha juma kufuatana na vitu vilivyoshushwa bei dukani. Mkubwa wake, Manuel Rosso, hakuanza na programu. Alitafuta mama mmoja tu aliyekubali. Kila juma alimtembelea, akiwa ametayarisha orodha ya vyakula na vitu vya kununua katika duka ambalo mama huyo alilipenda, naye mama akamlipa dola 9,95. Mteja mmoja, duka moja, kazi yote kwa mikono. Akaongeza wengine wachache, mpaka kutembelea kila nyumba kukawa kuzito. Hapo tu ndipo walianza kutengeneza programu, na walianza na zile sehemu zilizokuwa zinawachosha. Kila sehemu waliyotengeneza ilikuwa na watu wanaoingoja.

Turudi Bukavu tukate wazo la mabinti wetu. Wateja: familia kumi za avenyu moja, ili motari afanye safari moja. Siku: mbili kwa juma, kwa majuma matatu, yaani safari sita. Vitu: sita tu, ni kusema nyanya, vitunguu, sombe iliyotwangwa, sambaza kavu, unga wa muhogo na mafuta ya mawese. Sambaza mbichi na nyama zinaachwa, kwa sababu bila barafu zinaharibika mapema, na friza ni pesa nyingi. Programu inaachwa: mama atatuma ujumbe ao atapiga simu, na binti mmoja ataandika katika kaye. Mifuko yenye jina inaachwa, vikapu vinatosha.

Lakini kuna mambo ambayo hayakatwi. Kipimo kiwe sawa na cha soko. Nyanya zisipondeke. Chenji irudi mpaka franka ya mwisho. Saa waliyoahidi iheshimiwe. Mama akiacha kuagiza kwa sababu nyanya zilifika zimepondeka, mtakuwa mmejaribu vikapu vyenu, hamkujaribu wazo, na swali litabaki bila jibu.

Sasa bei. Tuseme komande ya kawaida ni franka 15.000 za vitu. Mabinti wanafikiri kuomba 1.500 juu yake, ili wasiogopeshe watu. Tufanye hesabu ya safari moja ikiwa familia zote kumi zimeagiza. Wanaingiza 15.000. Motari anachukua 5.000, inite za simu 2.500, na vitu vinavyoharibika ao kurudishwa tuweke 5.000. Zinabaki 2.500, za kugawa kwa watu watatu waliofanya kazi asubui nzima. Kuongeza familia hakutasaidia sana, kwa sababu zikiwa ishirini, gharama nazo zitakaribia kuongezeka mara mbili. Basi bei ya kujaribu ni ile inayoweza kulisha kazi. Wakiomba 2.500 kwa kila komande, safari moja inaacha 12.500. Mteja anayekubali bei ya zawadi hafundishi kitu, kwani siku mtakapopandisha bei atakwenda.

Na pesa ya jaribio lenyewe? Motari kwa safari sita ni 30.000, inite 15.000, vitu vya kuharibika 30.000, vikapu na mizani ndogo na kaye 45.000. Jumla 120.000. Pesa ya kununulia vitu ni 150.000 kila safari, lakini inarudi siku ileile mama akilipa mlangoni. Kwa hiyo katika 400.000 zao, hata jaribio likianguka bila ada hata moja kuingia, wanapoteza 120.000 tu, na 280.000 zinabaki kwa jaribio lingine. Kipimo kizuri cha ukubwa wa jaribio ni hicho: likianguka, uwe bado unaweza kujaribu tena.

Mbele ya kuanza, waandike jibu gani litawafanya waendelee na lipi litawasimamisha. Kwa mfano: katika juma la tatu, familia sita ao zaidi kati ya kumi zikiagiza na kulipa ada bila kukumbushwa, tunaendelea. Zikiwa mbili ao pungufu, tunasimama. Katikati ya hapo, tunabadilisha jambo moja tu, tunajaribu tena. Sisi walimu tunajua sababu: anayeweka alama za kufaulu baada ya kuona karatasi za wanafunzi, atawapitisha wale anaowapenda. Na wazo lako mwenyewe unalipenda kuliko mtoto wa darasani.

Juma la tatu ndilo la kuangalia, kwa sababu juma la kwanza watu wananunua kwa kutaka kuona. Shangazi na mama mdogo wasihesabiwe, hao wananunua juu ya undugu. Na maneno «hiyo kazi ni nzuri sana, binti yangu» yasiandikwe katika kaye kama yamekuja bila komande.

Kuna jambo lingine kaye inaweza kuonyesha ambalo hakuna aliyelifikiria. Tuseme familia nyingi zinaagiza unga wa muhogo na mafuta, lakini hakuna anayeagiza nyanya. Hapo wamama wanawaambia, bila kusema, kwamba kuchagua wanataka wachague wenyewe, mzigo mzito ndio unaowachosha. Basi biashara yenyewe pengine ni kubeba unga na makala, si soko lote. Kama wangelipa programu yenye picha za vitu arobaini, wangejua hilo wakiwa na deni. Kwa hiyo kila mara mama anapoagiza ao anapoacha, aulizwe sababu kwa upole na iandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Jaribio dogo lina mipaka yake. Familia kumi za avenyu moja hazisemi chochote juu ya Bagira, wala juu ya siku za mvua kubwa wakati motari wanapandisha bei. Tena kuna mambo ambayo hayajaribiwi hivi. Usipokee akiba ya watu «kwa kujaribu», na usiuzishe chakula usichojua kukihifadhi. Hapo kosa dogo linamwangukia mteja, si wewe.

Mwenye wazo lake achukue ukurasa mmoja wa kaye na kuandika mistari mitano: swali moja ninalotaka kujibu, nani, wapi na siku ngapi, ninachoacha, pesa ninayokubali kupoteza, na alama ya kuendelea ao kusimama. Kama mstari wa kwanza una maswali mawili, kata moja. Kama mstari wa tatu ni mtupu, bado hujakata. Na kama mstari wa nne ni pesa yako yote, rudi kwenye mstari wa pili, upunguze.