Kwa Kijerumani baba mkubwa si baba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme na vijana wetu wanaosoma Ujerumani, pamoja na wazazi wao walioko nyumbani. Jambo lenyewe ni barua ya kumwomba profesa msimamizi muda zaidi wa kukabidhi tasnifu. Kazi yangu huku ni ufasiri, na barua za namna hii huletwa kwangu nizisahihishe. Mara nyingi sarufi haina kasoro kubwa. Kasoro ni kwamba sababu ya kweli, ikihamishwa neno kwa neno, humfikia profesa ikiwa imepoteza uzito, au imegeuka kuwa uongo.

Kwanza wasomaji waelewe kinachohatarishwa. Tasnifu ya uzamili huandikishwa katika Ofisi ya Mitihani, nayo hutoa tarehe ya mwisho kwa maandishi. Katika kozi nyingi muda wa kazi ni kiasi cha miezi sita. Anayepitisha tarehe bila ruhusa huhesabiwa kuwa ameshindwa, hata kama kazi yake ni nzuri, na kwa kawaida tasnifu hurudiwa mara moja tu. Tena profesa peke yake hawezi kusogeza tarehe hiyo. Yeye hutoa maoni, na uamuzi hufanywa na Kamati ya Mitihani. Kamati inataka kujua kama kuchelewa kumetokana na mwanafunzi mwenyewe au na jambo lililo nje ya uwezo wake. Maprofesa wengi wanajua Kiingereza, lakini lugha rasmi ya ofisi za umma huku ni Kijerumani. Ndiyo maana ni afadhali barua iandikwe kwa Kijerumani tangu mwanzo, ili profesa aipeleke kamati kama ilivyo.

Nitoe mfano wa kijana mmoja wa kwetu. Tarehe yake ya mwisho ilikuwa 30 Septemba. Tarehe 4 Septemba alifiwa na baba yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Alisafiri tarehe 6, akarejea tarehe 19. Rasimu aliyoniletea ilisema kwa Kijerumani kwamba baba yake amefariki. Nilimwuliza kama baba yake mzazi yu hai. Akajibu, "Mzee, yu hai, yuko shambani. Lakini sidanganyi, aliyekufa ni baba yangu."

Kwa Kiswahili hakudanganya hata kidogo. Lakini kwa Kijerumani neno baba ni la mzazi mmoja tu, na katika fomu za kuomba msaada wa ada kijana huyu alikuwa ameandika kwamba baba yake yu hai na ni mkulima. Mtu wa ofisini angeweka karatasi hizo mbili pamoja, na kijana mkweli angeonekana mlaghai.

Akataka basi aandike anko. Hilo nalo lingemwumiza. Mjerumani akisikia anko humfikiria ndugu wa mbali kidogo anayeonana naye sikukuu, na hataelewa kwa nini kifo chake kisimamishe kazi ya mtu kwa wiki mbili. Njia iliyo sawa ni kuacha kutafuta neno moja na kueleza uhusiano wenyewe: kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye nilikua nyumbani kwake na ambaye alinisomesha. Ni maneno mengi zaidi, lakini ni ya kweli katika lugha zote mbili. Wanaoandika "matatizo ya kifamilia" kwa kuona haya nao wajue kwamba maneno hayo hayaipi kamati kitu cha kupima.

Jambo la pili ni kipimo cha ombi. Kijana aliandika, "Naomba mwezi mmoja, au kadiri utakavyoona inafaa." Kwetu hiyo ni heshima, maana unamwachia mkubwa nafasi ya kuamua. Huku profesa huona ameachiwa hesabu ambayo mwanafunzi mwenyewe hajaifanya. Toka tarehe 6 hadi 19, ukihesabu siku zote mbili, ni siku 14. Basi ombi liwe siku 14, yaani hadi 14 Oktoba. Siku zinazoombwa zikilingana na siku zilizopotea, kamati huona sababu na ombi ni kitu kimoja. Ukiomba mwezi kwa msiba wa wiki mbili, watajiuliza nusu ya pili ni ya nini.

Jambo la tatu ni neno "nitajitahidi". Kwetu ni ahadi ya unyenyekevu. Likihamishwa huwa "nitajaribu", na Mjerumani husikia kwamba huenda usifike. Badala yake taja kilichokwisha na kilichobaki.

Hii ndiyo barua aliyoipeleka mwishoni. Naiandika kwa maneno ya Kiswahili lakini kwa mpangilio wa Kijerumani, ili msomaji aone ilivyo fupi. Mstari wa juu ulitaja ombi la kuongezewa muda hadi 14 Oktoba, kisha:

"Mheshimiwa sana Bwana Profesa, naomba muda wa kukabidhi tasnifu yangu uongezwe kwa siku 14, toka 30 Septemba hadi 14 Oktoba. Tarehe 4 Septemba alifariki kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye nilikua nyumbani kwake na ambaye alinisomesha. Kwa ajili ya mazishi nilikuwa Tanzania toka 6 hadi 19 Septemba, na siku hizo sikuweza kufanya kazi. Sura ya 1 hadi ya 4 zimekamilika. Sura ya 5 imefika nusu. Naambatanisha cheti cha kifo pamoja na tafsiri yake, na tiketi za safari. Naomba maoni yako ili nipeleke ombi hili Ofisi ya Mitihani wiki hii. Kwa salamu za kirafiki."

Msomaji wa kwetu ataiona barua hii kavu. Hakuna kujuliana hali, na ombi limetangulia kabla ya msiba. Lakini heshima ipo katika cheo, katika namna ya "wewe" wanayotumia kwa wakubwa, na katika kutompotezea mtu muda. Tafsiri ya cheti ifanywe na mfasiri aliyeapishwa mahakamani. Barua iende kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu ikipita ombi huwa gumu mno. Kijana huyu alipewa siku zake 14.

Nisiwadanganye vijana kwamba ukweli hufungua kila mlango. Kama sababu ni kwamba kazi imekuwa ngumu au ulianza kwa kuchelewa, kamati kwa kawaida hukataa. Hata hivyo mwambie profesa hivyo hivyo, na mapema, kwa kuwa anaweza kukushauri upunguze sura moja. Kwa insha ya semina, ambayo mara nyingi tarehe yake huwekwa na profesa mwenyewe, mistari mitatu ya kweli huweza kutosha. Kila chuo kina kanuni zake za mitihani, basi zisome kabla hujaandika.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mkifiwa, mpelekeeni kijana tarehe kamili ya kifo na nakala ya cheti mara tu kinapopatikana. Akiwa hana karatasi, barua iliyo nzuri kuliko zote haitamfikisha mbali.

Mfasiri,
Leipzig, Ujerumani