Siku ya Mapumziko: Ijumaa, Jumamosi au Jumapili?



Tumeletewa swali na dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, ambaye sasa yuko Naivasha pamoja na mumewe na watoto watatu. Anafanya kazi katika shamba la maua, upande wa kufungasha. Msimamizi wake amewaambia wafanyakazi kila mmoja achague siku moja ya mapumziko katika wiki, naye ataipanga zamu kwa kufuata majibu yao. Jirani yake mezani, ambaye ni Msabato, alijibu Jumamosi papo hapo. Wengi wakajibu Jumapili. Dada yetu naye angependa Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku anayowapata watoto wake nyumbani. Mumewe hakubali: yeye asema Msabato ana Jumamosi yake, Mkristo ana Jumapili yake, basi Muislamu naye apumzike Ijumaa yake. Anatuuliza, je, atapata dhambi akifanya kazi siku ya Ijumaa?

Mume wa dada yetu amezipanga siku tatu mstari mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja kilichogawiwa watu watatu. Hapo ndipo tunapotofautiana naye.

Tuanze na Jumamosi, maana ndiyo iliyotangulia. Katika Torati, siku ya saba ni siku ya kuacha kazi, na neno lenyewe la Kiebrania lina maana ya kukoma. Sababu zilizotajwa humo ni mbili: kwamba Mungu aliumba kwa siku sita akastarehe ya saba, na kwamba Bani Israili walikuwa watumwa Misri, basi wao na watumishi wao wapate siku ya kupumua. Neno hilo ndilo as-Sabt la Kiarabu, na ndilo Sabato la majirani zetu. Kanisa la Waadventista liliingia Kenya mwaka 1906 huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Leo katika Nakuru na Naivasha ni vigumu kuishi mtaa mmoja usiwe na jirani Msabato.

Hapa wengi wetu hutatizwa na lugha yetu wenyewe. Jirani anaiita Jumamosi siku ya saba, na sisi tunaiita ya mosi; anaiita Jumapili ya kwanza, na sisi tunaiita ya pili. Nani amekosea kuhesabu? Hakuna. Waarabu huanza hesabu Jumapili, wakaiita al-Ahad, yaani ya kwanza, mpaka Alhamisi, yaani ya tano. Wazee wetu Waswahili wao waliifanya Ijumaa kuwa kilele cha wiki, wakaanza kuhesabu kesho yake: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, hata Jumatano. Walipofika hapo wakaichukua Alhamisi ya Kiarabu kama ilivyo. Ndiyo maana wiki ya Kiswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana! Siku zenyewe ni zile zile kwa kila mtu. Kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia.

Jumapili ina kisa kingine. Wakristo wa mwanzo walikusanyika siku hiyo kwa sababu ya itikadi yao kwamba Yesu alifufuka siku ya kwanza ya wiki. Ilikuwa siku ya ibada kabla ya kuwa siku ya kupumzika. Mwaka 321 mfalme wa Roma, Konstantino, alitoa amri mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku aliyoiita ya Jua, bali wakulima akawaruhusu kuendelea na mashamba yao, mazao yasije yakaharibika. Baadaye kanisa likaihamishia Jumapili heshima ya Sabato, na Wasabato wanalipinga jambo hilo hadi leo. Jumapili tunayoipumzika Kenya ilikuja na Waingereza, pamoja na reli na ofisi zao.

Sasa Ijumaa. Katika Sura ya al-Jumua, aya ya 9 na ya 10, waumini wameamrishwa kuacha biashara pale wanapoadhiniwa, na swala ikiisha watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Msomaji aliangalie neno hilo la kutawanyika. Sabato humkataza mtu kazi tangu jua kuchwa hata kuchwa tena. Ijumaa imemwita kwa saa moja hivi kisha ikamrudisha kazini. Na Sura ya Qaf, aya ya 38, inasema kuwa uumbaji wa siku sita haukumgusa Mola kwa uchovu wowote, kwa hiyo Muislamu hana mapumziko ya Mungu ya kuyaiga. Ama katika Sura ya an-Nahl, aya ya 124, Sabato imetajwa kuwa ni ya wale waliohitilafiana juu yake. Haikuhamishiwa kwetu kwa jina la Ijumaa.

Mila zetu za pwani zimetusahaulisha jambo hili. Sisi tuliosoma vyuoni tulifungiwa Alhamisi na Ijumaa, tukakua tukidhani kufunga huko ni amri ya dini. Ulikuwa utaratibu mzuri wa walimu wetu, basi. Huko bara, ambako watoto wako shuleni Jumatatu hadi Ijumaa, madrasa nyingi husomesha Jumamosi na Jumapili, na hakuna aliyeivunja sheria.

Basi tumjibu dada yetu. Swala ya Ijumaa ni faradhi kwa mwanamume aliyetimiza masharti yake. Mwanamke haikumlazimu, ingawa akihudhuria inamtosha badala ya adhuhuri. Anayeshikwa na wito wa Ijumaa katika nyumba hiyo ni mume, ambaye ni fundi wa magari, na anachohitaji ni kufunga karakana kwa muda wa khutba na swala. Naivasha jua hupinduka baina ya saa sita na robo na saa saba kasoro dakika kumi, mwaka mzima, kwa hiyo swala huangukia penye chakula cha mchana. Dada yetu na achague Jumapili bila wasiwasi, akae na wanawe watakaporudi madrasa. Ijumaa aswali adhuhuri yake wakati wa mapumziko ya mchana, na hilo aliombe sasa, zamu zikiwa bado zinapangwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, wala haikuitaja ni ipi. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda kuadhimisha siku ya ibada. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki Waadventista waliolalamika kwamba watoto wao wanalazimishwa masomo Jumamosi. Jirani wa mezani, basi, anaomba kitu kizito kuliko anachoomba dada yetu: kwake siku haibadilishiki.

Zamu hujaribiwa kabla ya tarehe 14 Februari, maua yanapotakiwa kwa wingi Ulaya na siku za mapumziko huanza kuahirishwa. Wakati huo dada yetu akiombwa kufanya kazi Jumapili, akubali akitaka, mradi aambiwe mapema atafidiwa siku gani ndani ya siku saba hizo. Na ikiwa jirani yake ataombwa Jumamosi, yeye anaweza kujitolea kumshikia zamu, kisha jirani amshikie ya Jumapili.