"Umepika Mbaya" ni Sifa ama Tusi?

Mwambie shosho "umepika mbaya" uone. Mtaani hiyo ni sifa, lakini yeye anasikia "umepika vibaya." Kosa liko wapi? Umeacha vi-.

Kale kakiambishi kana kazi. "Amepika chapati nzuri" inasifu chapati; "amepika chapati vizuri" inasifu upishi. Shida huja na viazi: "amepika viazi vizuri" ina maana mbili, kwa sababu viazi pia huchukua vi-. Hapo shika kwa na nomino: "amepika viazi kwa ustadi."

Vi- nayo usiibandike kila mahali. Wazi na imara husimama peke yake: "ongea wazi," "simama imara."

Mimi sikatai Sheng. Lakini kama shosho hajui umemsifu, umemsifu kweli?