Hewa ya Mtungi Haipimwi kwa Saa Pekee

Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 humpa askari wa zimamoto takribani lita 1,800 za hewa. Kwa makadirio yaliyozoeleka ya lita 40 kwa dakika, atapumua dakika 45. Sisi wa tiba tuna sababu ya kuyatilia shaka: anayepanda ngazi akivuta mpira wa maji, katika joto na hofu, aweza kufikia lita 90. Dakika 45 huwa 20. Filimbi ya tahadhari ikilia kwenye bar 55, zimebaki lita 330, yaani pungufu ya dakika 4.

Hivyo msimamizi wa mlangoni asiridhike na majina na saa ya kuingia. Aandike shinikizo la kila mtungi, aulize usomaji wa geji kwa redio, na awatoe wenzi wote wawili kwa kipimo cha mwenye hewa kidogo zaidi.

Wenzi nao wakaguane barakoa na mikanda, kisha valvu ya mtungi, ambayo naiona hupuuzwa mno. Ikifunguliwa nusu, geji huonyesha mtungi umejaa. Upungufu hujitokeza ndani, pumzi zikishakuwa nzito.