Kabla ya Kusema Dawa Imegoma

Wanaume wengi wanaorudi kliniki kwa ajili ya vidonge vya kusaidia kusimika huleta malalamiko yaleyale: kidonge kilifanya kazi vizuri miezi kadhaa, kisha kikaacha. Maelezo wanayoyatoa pia hufanana. Husema kwamba mwili umeizoea dawa. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba maelezo hayo mara nyingi si sahihi, na kwamba mhudumu wa afya anayeyakubali haraka, akaandika dozi kubwa zaidi au akamwambia mgonjwa akubali uzee, humnyima mgonjwa huyo uchunguzi anaoustahili.

Sildenafili na tadalafili, ambazo ndizo dawa za aina hii zinazopatikana zaidi kwetu, hazijulikani kuwa na tabia ya mwili kuzizoea kama inavyotokea kwa dawa za usingizi. Wanaume waliozitumia kwa miaka mingi chini ya uangalizi wameendelea kunufaika nazo. Zikiacha kufanya kazi, kwa kawaida kuna kitu kimebadilika: namna ya kuzimeza, mwili wenyewe, dawa nyingine iliyoongezwa, au kidonge chenyewe kuwa si kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Kazi yetu ni kukitafuta kitu hicho.

Ili hoja isibaki hewani, nitaeleza kisa nilichokitunga kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki zetu. Fundi seremala wa Ngaramtoni, mwenye umri wa miaka 56, ana kisukari kwa miaka tisa. Alianzishiwa sildenafili ya miligramu 50, nayo ikamsaidia kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha ikaacha. Akanunua ya miligramu 100 kwa mchuuzi, hakuona nafuu, siku nyingine akameza viwili kwa mpigo, akapata maumivu ya kichwa na uso kuwaka moto, lakini uume haukusimama. Mkewe akaanza kushuku kwamba nguvu zinamalizikia kwingine. Hapo ndipo mzee alipokuja.

Swali la kwanza kumwuliza mgonjwa wa namna hii ni jepesi: “Mzee wangu, hebu nieleze jioni yote, tangu chakula hadi mlipolala.” Tusiishie kumwuliza kama anameza dawa ipasavyo, maana kila mtu atajibu ndiyo. Katika maelezo ya jioni yake ukweli hujitokeza. Fundi wetu alikula nyama choma na ndizi saa mbili usiku, akashushia bia mbili, akameza kidonge saa tatu, akaingia kitandani saa tatu na nusu. Sildenafili ikimezwa tumbo tupu hufikia kiwango chake cha juu katika damu baada ya saa moja hivi. Mlo wenye mafuta mengi huichelewesha kwa saa moja zaidi na hupunguza kiwango hicho cha juu, takriban kwa theluthi moja. Kwa hiyo alipoingia kitandani dawa ilikuwa bado tumboni pamoja na nyama, na ilipofika kwenye damu yeye alikuwa amekwisha kukata tamaa na kulala. Pombe nyingi nayo hudhoofisha kusimika, kwa mwenye kidonge na asiye nacho.

Tadalafili haisumbuliwi na chakula, nayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hata kufikia saa 36 za msaada. Inahitaji hata hivyo kupewa muda. Ni vyema mtu angoje walau saa mbili. Kwa mtu ambaye maisha yake hayana ratiba, au ambaye karamu za nyama ni sehemu ya kazi na ukoo, mara nyingi ningemshauri daktari wake afikirie tadalafili badala ya kumlaumu mgonjwa kwa kula.

Swali la pili ndilo tunaloliruka kwa haya. Je, kulikuwa na msisimko? Wengi huamini kwamba kidonge huleta kusimika chenyewe, hivyo humeza na kulala chali wakisubiri, huku wakijichunguza kila dakika. Hapo hakuna kitakachotokea. Mwanaume anaposisimka, kwa kuguswa, kwa maneno, kwa hamu, neva za uume hutoa naitriki oksaidi, nayo huanzisha utengenezaji wa kemikali inayolegeza misuli ya mishipa ili damu iingie. Mwilini kuna kimeng’enya kinachoivunja kemikali hiyo. Kidonge hukizuia kimeng’enya hicho, basi. Ni kama kuziba tundu la ndoo: maji hayatavuja, lakini lazima bomba lifunguliwe kwanza. Fundi aliyekwisha kuogopa kushindwa, aliyelala kando ya mke mwenye shaka, alikuwa amelifunga bomba lake mwenyewe. Ni busara kumwuliza pia kama uume husimama alfajiri anapoamka. Ukisimama vizuri alfajiri na kugoma tu mbele ya mke, hofu au ugomvi una sehemu kubwa, na kuongea na wote wawili kutasaidia kuliko kuongeza miligramu.

Kisha dozi. Miligramu 50 za sildenafili ni mwanzo. Daktari anaweza kupandisha hadi 100 ikiwa moyo na dawa nyingine zinaruhusu, na si zaidi ya mara moja katika saa 24. Muhimu ni hesabu ya majaribio. Jaribio moja lililoshindwa halithibitishi lolote. Tunapaswa kuhesabu walau majaribio sita hadi manane, kwa siku tofauti, kwa dozi ya juu inayoruhusiwa, kwa wakati sahihi na kwa msisimko, kabla ya kusema dawa imeshindwa. Fundi wetu alikuwa amejaribu mara nyingi sana, lakini hakuna hata mara moja iliyotimiza masharti hayo.

Alipewa kidonge halali cha miligramu 100 kutoka duka la dawa lililosajiliwa, akaelekezwa ale chakula chepesi mapema na ameze saa moja kabla. Akajaribu mara nne katika wiki mbili. Nafuu ikawa ndogo mno. Hapa ndipo mhudumu mwenye haraka angefunga faili.

Mhudumu wetu aliuliza swali la tatu: “Ni dawa gani nyingine zote unazomeza, hata zile unazopewa kwingine?” Mzee akasita, kisha akatoa mfukoni kadi ya kliniki ya kifua kikuu. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa matibabu ya miezi sita. Hakuitaja kwa sababu ya aibu, na kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kliniki ya kisukari ina daftari lake na kliniki ya kifua kikuu ina lake. Kidonge kilikuwa kimeacha kufanya kazi wiki chache baada ya kuanza dawa hizo.

Ndani ya vidonge vya kifua kikuu mna rifampisini, nayo huliamsha ini kuharakisha kuvunja dawa nyingine nyingi, sildenafili na tadalafili zikiwamo. Kwa tadalafili upungufu uliopimwa unakaribia asilimia 90. Kwa maneno mengine, mzee alikuwa akimeza dawa na ini likiiondoa kabla haijafika kazini. Naamini swali hili lina uzito wa pekee katika eneo letu, kwa sababu kisukari huongeza hatari ya kupata kifua kikuu, na kwa sababu wapo wanaume wengi waliovuta vumbi la migodi ya Mirerani ambao wako kwenye matibabu hayo hayo. Mtu mmoja hukutwa na yote mawili mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Aliambiwa nini? Kwanza, asiache dawa ya kifua kikuu hata siku moja. Hilo halina mjadala. Pili, asiongeze vidonge ili kushindana na ini. Athari ya rifampisini huisha polepole, katika wiki mbili hivi baada ya kumaliza matibabu, na mtu aliyezoea kumeza viwili vya miligramu 100 atajikuta siku moja na dozi kubwa ya hatari bila kubadilisha chochote. Alishauriwa asubiri, na mkewe aliitwa akaelezwa sababu. Nathubutu kusema kwamba maelezo yale kwa mke yalikuwa tiba kuliko kidonge chochote.

Kinyume chake nacho kipo. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya dawa za VVU za mstari wa pili, hupandisha sildenafili katika damu takriban mara kumi na moja. Mwenye dawa hiyo hapaswi kuvuka miligramu 25 katika saa 48. Na mwenye kutumia nitrogliserini au nitreti nyingine kwa maumivu ya kifua asitumie kabisa vidonge vya kusimika, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kifo. Kwa sababu hiyo hiyo naona unga unaouzwa mitaani kwa majina kama vumbi la Kongo ni jambo la kuulizwa waziwazi na bila dharau. Katika nchi mbalimbali mamlaka za dawa zimekuta sildenafili imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili, na mtu anaweza kuwa anameza dozi mbili bila kujua. Pakiti isiyo na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yaweza pia kuwa haina dawa yoyote.

Iwapo hakuna dawa inayogongana na kidonge, na masharti yote yametimizwa, basi tuangalie mwili. Sukari iliyopanda kwa miezi huharibu neva zinazofungua lile bomba. Dawa za shinikizo la damu za jamii ya atenololi na baadhi ya zile za kukojosha zinaweza kuchangia, na daktari anaweza kuzibadilisha. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Aliyepoteza hamu yenyewe apimwe testosteroni, asubuhi kabla ya saa nne na kabla ya kula, na kipimo kikiwa chini kirudiwe siku nyingine. Tena mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo huziba mapema. Mwanaume ambaye kidonge kimepungua nguvu taratibu, na anayehema au kubanwa kifua akipanda ghorofa mbili, anahitaji kupimwa moyo kabla ya kuandikiwa chochote.

Wapo ambao baada ya yote hayo vidonge havitawasaidia, hasa waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume au walioishi na kisukari kikali muda mrefu. Kwao zipo pampu ya kuvuta damu na sindano ya kuchomwa kwenye uume, na rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, ambaye kwa mkazi wa Arusha hupatikana hata KCMC, Moshi. Barua ya rufaa iandikwe dozi iliyojaribiwa, idadi ya majaribio, na dawa zote nyingine anazomeza mgonjwa.